Mita inasema 240 lakini kule mbali hita hazina moto: vile unatafuta shida kwa transfoma mbili na kebo ndefu

Vifaranga ndio walionyesha shida kabla ya multimita. Nilifika kwa boma moja upande wa Ahero saa mbili usiku, nikakuta vifaranga wamerundikana chini ya hita moja wakipandana, na hita zote tatu zimewaka. Kifaranga akipata joto ya kutosha anatawanyika, anakula, anakunywa maji. Wakikumbatiana hivyo jua hapo ni baridi. Mama mwenye boma akaniambia, "Fundi, hizi hita niliambiwa ni za wati elfu moja kila moja na sasa nimeongeza transfoma mbili, mbona joto ni ile ile ya zamani?" Na alikuwa anasema ukweli kabisa, juu nilipopima nikapata kabla ya transfoma na baada ya transfoma tofauti ilikuwa volti mbili tu, tena kwa kurudi nyuma.

Nieleze vile kazi ilikaa ndio tufuatane. Mita ya stima iko kwa nyumba ya zamani karibu na barabara, nyumba ya kuku iko mita 500 ndani ya shamba. Kebo ni ya shaba, waya mbili za milimita 6 za mraba. Mzigo ni hita 3 za wati 1000, jumla wati 3000 kwa volti 240. Mwanzoni stima ilikuwa inaenda moja kwa moja, 240 kwa 240, na joto ikawa kidogo. Akashauriwa aweke transfoma ya kupandisha hapo kwa mita, 240 iwe 480, ipite kwa kebo ikiwa 480, halafu nyingine kule kwa kuku iteremshe 480 irudi 240. Wazo lenyewe si baya. Ukipandisha volti mara mbili, ampea kwa kebo zinapungua nusu, na kile kinachokula stima kwa kebo ni ampea zidisha ampea zidisha ukinzani, kwa hivyo nusu ya ampea ni robo ya hasara. Hiyo ndio sababu laini kubwa za stima hapa kwetu zinapita na kilovolti 11 na 33 na sio na 240.

Lakini sasa kati ya mita na kifaranga kuna vitu vinne vinavyoweza kuiba volti: transfoma ya kwanza, kebo, jointi za kebo, na transfoma ya pili. Mafundi wengi wanafika wanapima kule mwisho, wanaona 205, wanasema kebo ni nyembamba, badilisha. Kebo ya mita 500 si pesa ya kuchezea, kwa hivyo kabla hujamwambia mtu anunue kebo jua kwanza nani anaiba.

Kwanza zima mzigo wote, halafu pima

Hii ndio hatua naipenda kuliko zote na ndio watu wanaruka. Hita zikiwa zimezimwa, ampea zinazopita kwa kebo ni kidogo sana, ni zile tu za kuamsha chuma cha transfoma ya mwisho, labda nusu ampea. Na bila ampea kebo haiwezi kupoteza volti, hata ikiwa nyembamba kama uzi, hata jointi ikiwa imeoza. Kwa hivyo chochote unachoona kimepungua wakati hakuna mzigo hakitoki kwa kebo, kinatoka kwa transfoma, kwa hesabu ya mizunguko ya waya kwa koili zake. Ukiwasha mzigo ndio ukinzani unajitokeza. Yaani kipimo bila mzigo kinakuonyesha mizunguko, na kipimo na mzigo kinakuonyesha ukinzani. Usichanganye hizo mbili.

Kabla ujaguse kitu, laini ya 480 si ya kuzoea. Hii ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi ya Kenya, na vishikio vya multimita viwe vile vya volti 1000, si vile vya bei ya chini vya kupima betri ya redio. Na uliza kama kule mwisho kuna jenereta. Uliza kwa sauti. Transfoma haijui upande gani ni wa kuingia, ukiwasha jenereta ya 240 kule kwa kuku bila swichi ya kubadilisha, ile transfoma ya kuteremsha inageuka inapandisha, na kebo inakuwa na 480 hata kama wewe umezima mita huko juu na unafungua jointi ukiamini imekufa.

Pale Ahero nilipima bila mzigo nikapata hivi: kwa mita 240, transfoma ya kwanza inatoa 480 sawasawa, mwisho wa kebo 479, na transfoma ya pili inatoa 218. Angalia hizo nambari polepole. Transfoma ya kwanza ni mzima, imezidisha mara mbili kamili. Kebo imeteremsha volti moja tu, na ni sawa juu hakuna mzigo. Halafu ghafla 480 imekuwa 218 badala ya 240. Hakuna hita imewaka, hakuna ampea, na volti 22 zimepotea mahali pamoja. Hiyo si hasara, hiyo ni reshio. 480 gawanya kwa 218 unapata 2.2. Mtu alimuuzia mama transfoma ya 2.2 kwa 1, akaandika 2 kwa 1.

Ilikuwa imeriwaindiwa, yaani koili imezungushwa waya upya. Ukiangalia vanishi ilikuwa mpya juu ya chuma cha zamani, na fundi aliyewaindi hakuhesabu vizuri ama aliishiwa na nafasi, sijui, lakini kuhakikisha unaweza kuhesabu mizunguko bila kufungua transfoma hata kidogo. Chukua waya mwembamba wenye ngozi nzuri, na stima ikiwa imezimwa upitishe kwa ile nafasi kati ya koili na chuma, uzungushe koili mara 10. Washa stima bila mzigo, pima volti kwa ncha mbili za waya wako. Mimi nilipata 10.9, kwa hivyo kila mzunguko mmoja una volti 1.09. Sasa gawanya: 480 kwa 1.09 ni mizunguko 440 upande wa kuingia, na 218 kwa 1.09 ni mizunguko 200 upande wa kutoka. Ilitakiwa 220. Zimekosekana 20. Chunga kitu kimoja hapo, kama chuma ni kile chenye miguu mitatu na koili ziko mguu wa kati, hakikisha waya wako unazunguka mguu wa kati pamoja na koili. Ukizungusha mguu wa pembeni utapata nusu ya volti, juu sumaku imegawanyika inarudi njia mbili, na utahesabu vibaya ulaumu mtu bure.

Kwa nini volti 22 zilifuta faida yote

Hapa ndio wengi wanauliza, si transfoma zilipunguza hasara kwa kebo, sasa faida ilienda wapi. Tufanye hesabu moja, si ngumu. Shaba ya milimita 6 ina ukinzani wa karibu omu 3.08 kwa kilomita. Mita 500 kwenda na mita 500 kurudi ni kilomita moja ya waya, kwa hivyo omu 3.08. Watu wanasahau kurudi, wanahesabu nusu. Hita za wati 3000 kwa 240 ni sawa na omu 19.2. Bila transfoma yoyote:

```
I = V / (R_kebo + R_hita)
I = 240 / (3.08 + 19.2) = 10.8 A
V_hita = 10.8 x 19.2 = 207 V
P_hita = 207 x 207 / 19.2 = 2230 W
```

Wati 3000 alizolipia kwa duka zimekuwa 2230. Robo ya joto haipo. Angalia volti zimepungua asilimia 14 lakini joto imepungua asilimia 26, juu joto inafuata volti mara volti. Kebo yenyewe inakula kama wati 360 na kuzimwaga kwa mchanga.

Sasa na transfoma mbili, ile ya pili ikiwa mbovu ya 2.2. Kwa upande wa 480, hita zile za omu 19.2 zinaonekana kama 19.2 zidisha 2.2 zidisha 2.2, yaani omu 93 hivi. Reshio ikipanda, mzigo unaonekana mwepesi zaidi kwa laini, ndio maana ampea zinapungua. Lakini kuna kitu kingine cha kuongeza na hiki ndicho muuzaji hasemi: koili za transfoma nazo ni waya. Zile zilikuwa za kVA 5, na nilipozipima kila moja ilikuwa na ukinzani wa karibu omu 1.4 ukiuhesabu kwa upande wa 480, pande zote mbili za koili pamoja. Transfoma mbili ni omu 2.8. Yaani ameongeza ukinzani karibu sawa na ile kebo yote ya mita 500! Jumla ni 93 na 3.08 na 2.8, karibu 99. 480 gawanya kwa 99 ni ampea 4.85. Zidisha na 93 unapata 451 kwa mlango wa transfoma ya pili ukishatoa kila hasara, gawanya na 2.2 unapata 205 kwa hita.

205. Bila transfoma ilikuwa 207. Hesabu na multimita zikakubaliana. Mama hakuwa anaota.

Dawa ilikuwa kuongeza mizunguko 20 upande wa kutoka, na waya wa unene ule ule wa koili ya zamani, juu ampea zote za hita zinapita hapo. Unaiunga mfululizo na koili iliyopo. Kama umeiunga vizuri volti zinapanda hadi 240, kama umeiunga kinyume zinashuka hadi 196, kwa hivyo pima bila mzigo kabla hujafunga tepu, ukiona 196 geuza ncha mbili basi. Usichague njia ya mkato ya kupunguza mizunguko ya upande wa kuingia kutoka 440 hadi 400. Kwa reshio utapata 240 ile ile, lakini sasa kila mzunguko unabeba volti 1.2 badala ya 1.09, chuma kinasukumwa sumaku zaidi, kinanguruma na kuchemka bila mzigo wowote.

Baada ya kurekebisha tuliwasha hita zote tatu. Kwa hita 223, joto kama wati 2590. Si 3000, na nilimwambia wazi haitafika 3000 kwa kebo hiyo, lakini kutoka wati 2190 za usiku ule ni hatua kubwa, na baada ya saa moja vifaranga walikuwa wametawanyika hadi kwa kona wanatafuta chakula.

Ilikuwa sawa, halafu ikaanza kushuka kidogo kidogo

Hii ni shida tofauti na dalili yake ni tofauti. Reshio mbaya inakuwa mbaya kutoka siku ya kwanza na haibadiliki. Kama ilikuwa 223 na baada ya mvua za miezi mitatu imekuwa 216, fikiria jointi. Pale pale Ahero iliturudia. Nilipima bila mzigo, 240 kule mwisho, safi kabisa, kwa hivyo transfoma hazina kesi. Nikawasha hita nikapima volti mwanzo wa kebo na mwisho wa kebo, nikatoa moja kwa nyingine. Kebo mzima ilitakiwa ipoteze kama volti 18, yaani ampea 5.8 mara omu 3.08. Nilipata 32. Hizo 14 za ziada ni za mtu.

Kwa kebo iliyo na jointi mbili tatu usianze kuchimba kote. Unaenda kwa jointi, unazima kule kwa mita, unafungua tepu, unarudisha stima na mzigo, halafu unaweka kishikio kimoja upande huu wa jointi na kingine upande ule, kwa waya ule ule. Jointi nzuri inasoma karibu sifuri. Hii ya pili ilisoma 14. Ampea zilikuwa 5.64, kwa hivyo jointi peke yake ina omu 2.5, na inachemka na wati 80. Balbu ya zamani ya wati 60 ukiishika inakuchoma, sasa fikiria hiyo na zaidi imefungwa ndani ya tepu chini ya nyasi kavu. Tepu ilikuwa imeshikana na shaba kama lami, na shaba imekuwa nyeusi na kijani. Ilikuwa imesokotwa tu kwa mkono. Tulikata hadi tukafika shaba inayong'aa, tukaweka kiungio cha kubana kwa koleo lake, tukafunika na mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani, na kile kipimo kikashuka hadi multimita ikasoma sufuri kwa skeli ya volti.

Kama upande mmoja ni shaba na mwingine ni alumini, usisokote hata siku moja. Kuna viungio vya metali mbili vya kazi hiyo. Alumini inajifunika kutu yake inayozuia stima, na ikikutana na shaba na unyevu inaliwa.

Naona niseme pia kwa nini sipimi jointi kwa skeli ya omu ya multimita. Ukiwa na stima imezimwa, jointi mbovu inaweza kusoma vizuri kabisa, juu multimita inapitisha ampea kidogo sana, na jointi ni baridi. Ikibeba ampea 6 na ikapata joto ndio inafunguka. Pima volti zinazopotea wakati mzigo umewaka, utapata mwizi akiwa kazini.

Transfoma inachemka na inanguruma na hakuna kitu imewashwa

Kunguruma kidogo ni kawaida. Kuchemka hadi huwezi kuweka kiganja bila mzigo si kawaida. Weka klampmita, ile ya kupima ampea bila kukata waya, upande wa kuingia. Transfoma ya kVA 5 kwa 240 inabeba hadi ampea 21, na bila mzigo inatakiwa ivute kama ampea moja ama chini ya hapo. Nikiona 3 ama 4 najua chuma kimeshiba sumaku. Mara nyingi ni moja kati ya mambo mawili. La kwanza, mizunguko ni michache kwa volti unazoingiza, kama nilivyosema juu ya njia ya mkato, ama mtu ameingiza 240 kwa koili ya 220 ama ya 200. La pili linakuja na transfoma za kuagizwa kutoka Amerika: soma kibao, ukiona 60 Hz simama hapo. Stima yetu ni 50 Hz. Kwa volti zile zile, sumaku kwa chuma inapanda asilimia 20, na transfoma nyingi hazikuachiwa nafasi hiyo. Ukilazimika kuitumia, ipe volti pungufu, kama ni ya 240 kwa 60 Hz isipite 200 kwa 50 Hz.

Kuna mtego mwingine hapo hapo wa reshio. Transfoma ndogo za kuteremsha mara nyingi huwa zimeongezwa mizunguko kidogo upande wa kutoka ili zitoe volti za kibao zikiwa na mzigo mzima. Ukiigeuza itumike kupandisha, ile nyongeza inakugeukia, unaingiza 240 unapata labda 460 na sio 480. Transfoma mbili za aina moja zilizogeuziana mgongo zinasahihishana, kule mwisho unapata 240 bila mzigo na hutajua chochote. Ukichanganya aina mbili ndio unaanza kushangaa volti zimeenda wapi na kila kibao kinasema ukweli.

Na breka ikiruka mara moja moja tu wakati wa kuwasha, halafu ukirudisha inashika, hiyo si shoti. Ni chuma kinaamka, kinavuta ampea nyingi kwa sekunde kidogo. Breka ya aina ya B haifai hapo, weka ya aina ya C, na kama bado inasumbua ya D, lakini kwanza hakikisha kebo inalindwa.

Hita ziko sawa lakini pampu inalia na haizunguki

Hii nitapita haraka. Hita ikipata volti kidogo inavuta ampea kidogo, inakuwa na adabu. Mota si hivyo. Ikianza inavuta mara tano ama sita ya ampea zake za kawaida, na kwa laini kama hii, mota ya ampea 8 ikiamka inaweza kuangusha hadi robo ya volti. Nguvu ya kuzungusha inafuata volti mara volti, robo ikienda unabaki na karibu nusu ya nguvu. Inanguruma, haizunguki, na waya unapata moto. Pima volti ile sekunde inaanza, usipime ikishazunguka. Na usiiache ikinguruma zaidi ya sekunde chache ukitafuta multimita.

Je, transfoma zilistahili?

Mama aliniuliza hivyo na nilimjibu na mita yake ya tokeni. Tulizima kila kitu kwa boma isipokuwa zile transfoma mbili, hita zimezimwa. Kwa mita yake imeandikwa `1000 imp/kWh`, maana yake kile kitaa chekundu kinamulika mara 1000 kwa kila yuniti moja. Tukasimama na saa ya simu. Kikamulika, tukangoja, kikamulika tena baada ya sekunde 40. Sekunde 3600 za saa gawanya na 40 ni mara 90 kwa saa, yaani wati 90. Hizo ni hasara za chuma, wati 45 kila transfoma, na zinaliwa mchana na usiku kama hita zinafanya kazi ama la. Kwa siku ni yuniti 2.16, kwa mwezi wa siku 30 ni kama yuniti 65.

Sasa weka kwa mizani. Laini ya 480 hita zikiwaka zote inapoteza wati 104 kwa kebo, kama 94 kwa koili, na zile 90 za chuma, jumla karibu 290. Moja kwa moja bila transfoma ilikuwa 360 kwa kebo, ingawa inafikisha joto kidogo. Si tofauti ya kuimbia. Kama angeanza kwangu, ningemwambia aweke kebo ya alumini ya milimita 25 za mraba moja kwa moja kwa 240: omu 1.2 kwenda na kurudi, kule mwisho anapata 226, hasara wati 166, na bila hasara yoyote hita zikizimwa. Transfoma zinaanza kushinda ukienda mbali zaidi, kilomita na kuendelea, ama mzigo ukiwa mkubwa na unafanya kazi karibu siku nzima, na ukinunua zenye ukinzani mdogo kwa koili na chuma kizuri. Uliza muuzaji vitu viwili, hasara bila mzigo na hasara ya mzigo mzima, kwa wati. Akikosa kujua, washa bila mzigo mbele yake uweke klampmita.

Lakini yeye alikuwa ameshanunua, na hela zilikuwa zimeisha. Vifaranga wanahitaji joto wiki tatu nne za mwanzo tu, halafu nyumba inakaa bila hita hadi kundi lingine. Hata hivyo alikuwa anazima hita kule kwa kuku na kuacha transfoma zote mbili zimewaka wiki nzima. Tuliweka swichi ya kukata waya zote mbili hapo kwa mita, kabla ya transfoma ya kwanza, ikiwa na breka ya C ya ampea 25. Swichi ikiwa kule mwisho haisaidii, ya kwanza inabaki imeamka na laini ya 480 inabaki hai kwa shamba lote bila mtu kuitumia. Pia tukaunganisha mguu mmoja wa koili ya kutoka kule kwa kuku na fimbo ya ardhi, juu koili hiyo haijaguswa na waya wa nyutro kutoka barabarani, na bila hiyo breka ya kuokoa mtu isingejua stima imevuja.

Aliandika kwa ukuta na chaki, juu ya swichi, "KUKU HAKUNA, ZIMA HAPA."